Meseji ya baada ya simu ya mauzo: kuandika mlichokubaliana bila kumbana mteja

*Dada, mi nina karakana ya fenicha Keko. Jumanne nimeongea kwa simu na meneja wa shule moja ya Kibaha anataka madawati, tuliongea kama nusu saa na simu iliisha vizuri tu. Mchana nikamwandikia hivi: "Madam asante kwa muda wako, kama tulivyokubaliana ni madawati 80 kwa 95,000, ulisema utalipa advansi wiki ijayo, tafadhali thibitisha ili tuanze kazi." Tiki za bluu zikaja, alafu kimya. Leo Jumamosi siku ya nne. Nimekosea wapi, na ningeandikaje ili makubaliano yakae kwenye maandishi bila kuonekana namsumbua?*

Mdogo wangu, nilivyokuomba pembeni unisimulie simu yenyewe ilivyoenda ndo nikapata jibu, maana meseji peke yake inaonekana ya heshima kabisa, ina madam, ina asante, ina tafadhali. Shida ni kwamba ulichoandika sicho alichosema. Umeniambia kwenye idadi alisema "themanini hivi, walimu watanihesabia". Kwenye bei alisema "haina shida, ntaangalia na mwenzangu wa uhasibu". Kwenye hela alisema "bodi inakaa Jumamosi ya tarehe 6, baada ya hapo tutawasiliana". Sasa rudi kasome meseji yako. "Hivi" imepotea, mhasibu kapotea, bodi imepotea, na mama wa watu ghafla ana ahadi ya kulipa wiki ijayo ambayo hakuitoa. Jiweke kwenye nafasi yake, ameifungua mchana huo yuko kwenye pilika zake, akijibu "sawa" amejifunga kwa hela ambayo hajaruhusiwa kuitoa, akijibu "hapana sikusema hivyo" anaonekana anakugombeza. Kwahiyo kanyamaza, na mi ningenyamaza pia.

Watu wengi wanadhani meseji inabana kwa sababu ya maneno makali au kwa sababu imetumwa mapema mno. Mara nyingi sio hivyo, kinachombana mteja ni kuona ameandikiwa ndiyo mahali ambapo alisema tutaona. Na sisi Waswahili hapa tuna mtihani wetu wa peke yetu, kwa sababu lugha yetu ina njia mia za kutokukataa. "Haina shida" ni jibu la adabu, maana yake nimekusikia. "Sawa sawa" ya kwenye simu mara nyingi ni ya kuonyesha bado yupo kwenye laini. "Tutawasiliana" inaweza kuwa kweli mtawasiliana na inaweza kuwa kwaheri. "Tutaangalia" maana yake uamuzi uko kwa mtu mwingine au hela haijapatikana. Na "inshallah" inategemea kabisa nani kaisema na kwa sauti gani. Hamna hata moja kati ya hizo ambayo unaweza kuiandika chini ya neno tulikubaliana. Makubaliano ni pale mtu anapotaja kitu chenyewe kwa mdomo wake, mfano "tuchukue ya fremu ya chuma, yale ya mbao tupu yanavunjika", hapo ndo ameamua. Siku hizi mi nikiwa kwenye simu na mteja nina daftari, na kila jambo naandika neno lake alilotumia hivohivo, sio tafsiri yangu, maana ukishakata simu moyo wa biashara unaanza kukutafsiria kila kitu kwa upande wa mauzo.

Alafu kuna hili la nafsi ambalo huwa halizungumzwi. Angalia "ulisema utalipa". Kwa Kiswahili ukianza sentensi na "ulisema" umeshamweka mtu kizimbani, ni kauli ya watu wanaodaiana. Tofautisha na "malipo yanasubiri kikao cha bodi cha tarehe 6". Habari ni ileile, ila ya pili haina mshtakiwa, malipo yenyewe ndo yanasubiri. Kwenye mambo ya mteja, hasa ya hela, lifanye jambo ndo liwe mwenye sentensi badala ya yeye. Kwenye mambo yako we geuza, sema "mi ntafanya" waziwazi. Yaani u- itumie kidogo sana, ni- itumie kwa wingi, na tu- ibaki kwa yale ambayo kweli mliyasema wote wawili. "Tafadhali thibitisha" nayo kwa macho ni ya heshima lakini ni amri iliyovaa suti, na we ukaongezea "ili tuanze kazi", kama vile mafundi wamekaa na mashine ya kuchomelea mkononi wanamsubiri yeye.

Ukiacha hilo, kilichobaki ni mpangilio. Kwenye simu yoyote ya mauzo kuna mambo ya aina tatu, yaliyoamuliwa, yaliyobaki hewani, na kazi ambazo kila mtu ameondoka nazo. Meseji mbaya inayamwaga yote kwenye kapu la kwanza. Meseji nzuri inayatenganisha, na cha ajabu kinachofanya mteja akuamini ni lile kapu la pili. Mtu akiona umeandika kwa mkono wako kwamba jambo fulani bado halijaamuliwa, anajua kumbe yale mengine nayo umeyaandika kwa haki. Hata kujibu inakuwa rahisi kwake, maana humwombi uamuzi, unamwomba akusahihishe, na mtu kusahihisha kosa la mwenzake ni kitu anachokifanya chapchap kuliko kutoa ahadi.

Basi kwa simu yako ile ya Jumanne tarehe 25 mi ningeandika hivi. Isome yote kwanza alafu nikueleze kwa nini kila kitu kimekaa pale kilipo.

> Habari za mchana Madam. Asante kwa muda wako wa leo asubuhi. Nimeandika nilivyoelewa ili mimi na mafundi tusije tukakosea, palipokaa vibaya naomba unirekebishe.
>
> *Tuliyoelewana*
> Madawati ya watoto wawili wawili, fremu ya skwea paipu, mbao za paini. Idadi 80 hivi, kamili itatoka kwa walimu.
> Bei niliyokupa ni 95,000 kwa dawati kabla ya VAT. Kwa 80 ni 7,600,000, ukiweka VAT ya 18% inakuwa 8,968,000. Mhasibu bado hajaipitia.
>
> *Bado hatujaamua*
> Usafiri wa Keko hadi Kibaha. Kwenye simu nilisema tunaleta ila sikukufafanulia, bei ya hapo juu haina usafiri. Naulizia Kenta, ntakuwekea kwenye profoma mstari wake peke yake.
> Vimo vya madawati ya darasa la 1 na la 2.
> Malipo, yanasubiri kikao cha bodi Jumamosi tarehe 6.
>
> *Ya kwangu*
> Kesho Jumatano kabla ya saa sita mchana natuma profoma na picha.
> Ijumaa asubuhi naleta dawati moja la mfano ofisini mlione, hilo halina malipo.
> *Ya kwako*, ukipata nafasi: idadi kamili na vimo, ili profoma itakayoingia kwenye kikao iwe ya mwisho.
>
> Kutengeneza ni wiki tatu tangu advansi ipokelewe. Jumatatu tarehe 8 mchana ntakuulizia kikao kilivyoenda, kama siku hiyo haikukaa vizuri niambie ipi inafaa.

Ni ndefu kuliko ya kwako, najua, na utaambiwa na watu kwamba meseji ndefu hazisomwi. Meseji ndefu ya kumshawishi mtu ndo haisomwi. Hii anaisoma kwa sababu yeye mwenyewe anaihitaji, na hapa ndo kuna jambo ambalo kwenye mauzo ya mashule, mahospitali, na ofisi yoyote yenye bodi, unatakiwa ulijue. Mtu unayeongea naye kwenye simu sio mlipaji. Meneja atapiga skrinshoti ya meseji yako au ataifowadi kwa mhasibu, mhasibu ataipeleka kwa mwenyekiti, na wale hawakuwepo kwenye simu. Kwahiyo unamwandikia msomaji wa pili, ambaye hakujui, na hamjaamkiana hata siku moja. Sasa fikiria mwenyekiti wa bodi anasoma "ulisema utalipa advansi wiki ijayo", atamgeukia meneja amuulize we umeshaahidi hela kabla sisi hatujakaa? Umemchongea mteja wako kwa wakubwa zake na wala hukukusudia. Nadhani kimya chako kimetokea hapohapo, ile meseji haifowadiki.

Ndo maana pia sio vizuri kutuma voisi. Najua ni raha, unaongea tu huku unaendesha, ila voisi ya dakika tatu mhasibu hawezi kutoa namba humo, hakuna anayeirudia mara mbili kutafuta ni elfu tisini na tano au tisini na saba, na kwenye kikao haichezwi. Kama mteja wako ndo mtu wa voisi, mtumie salamu kwa voisi, kisha maandishi yafuate chini yake.

Kuhusu hesabu, angalia nilivyofika mpaka 8,968,000. Hii sio mbwembwe. Ungeacha 95,000 peke yake, yeye kichwani angezidisha kwa 80 akapata milioni saba na laki sita, akaenda nayo kwenye kikao, bodi ikapitisha milioni saba na laki sita, alafu profoma yako inakuja ina milioni moja laki tatu na sitini na nane elfu za VAT juu yake. Hapo hata uwe mpole vipi unaonekana umemtega. Ugomvi mwingi ninaoujua wa baada ya simu chanzo chake ni kwamba mmoja alitaja bei ya kabla ya kodi na mwingine akasikia bei ya mwisho. Kama we hujasajiliwa VAT sema tu bei haina VAT juu yake, ila sema. Na mstari wa "mhasibu bado hajaipitia" unaonekana kama unajipunguzia mauzo, lakini ndo unaomlinda meneja wako meseji ikisomwa na wengine.

Usafiri nimeuweka kwa makosa yangu, yaani ya kwako. Alikuuliza "mnaleta mpaka shuleni?" ukajibu "tunaleta", na hapo kila mtu akaondoka na jibu lake, we unamaanisha tunalo gari, yeye anaelewa bure. Kitu kama hiki usikirekebishe kimyakimya kwenye profoma ukitegemea hataona. Kiri kwamba hukueleza vizuri, kwa sentensi moja, bila kuomba msamaha wa kurasa nzima. Ni bora mteja akunje uso leo kwa gharama ya Kenta kuliko akukunjie siku madawati yameshafika getini.

Kazi zako tanguliza kabla ya zake, na zake ziwe chache kuliko zako. Ukianza na "nasubiri kutoka kwako" hata kama ni kweli, umemkabidhi mzigo wa shughuli ambayo we ndo utaingiza hela. Na kazi zako ziwe na siku na saa kabisa, "kesho kabla ya saa sita", kisha uitimize saa tano. Nasema hivi kwa sababu ile profoma ikifika kwa wakati imekupa ruhusa ya kumwandikia tena bila kumkumbusha chochote. Ijumaa ukienda na dawati la mfano hiyo ni mara ya tatu umeonekana ndani ya siku nne, na hamna hata mara moja uliyouliza "vipi kuhusu ile ishu". Kumbukumbu ya makubaliano ikiandikwa vizuri inakupangia sababu za kweli za kurudi, na sababu zenyewe zote ni kumpelekea kitu. Zake nazo nimezipa sababu inayomhusu yeye, profoma iwe ya mwisho kabla ya kikao, maana akienda na namba ya kukisia itabidi arudi kwenye bodi mara ya pili na hilo hakuna meneja analipenda.

Ile sentensi ya wiki tatu ndo yenye nguvu kuliko zote na ndo iliyoandikwa kwa upole kuliko zote. Hesabu mwenyewe, bodi ikipitisha tarehe 6, advansi ikiingia tarehe 8, wiki tatu zinaishia tarehe 29 Desemba, na Januari shule zinafunguliwa. Akichelewesha wiki mbili watoto wanakaa chini. Anajua kuhesabu, na kalenda ya shule anaijua kuliko we. Ukimwandikia "ukichelewa hutapata madawati kabla ya kufungua" umemtisha, na vitisho vya muuzaji kila mtu anavijua, vinafanana na zile "ofa inaisha leo" za kila siku. Mpe muda wa kazi, mwache afanye hesabu mwenyewe. Ila uwe ni muda wa kweli. Kama mafundi wako wanamaliza kwa siku kumi usiandike wiki tatu ili kumharakisha, atakuja kujua, Kibaha na Keko sio mbali hivyo.

Sasa yale nisiyoyaweka. Sikuweka punguzo. Ukimaliza simu vizuri kisha ukaandika "na ukilipa wiki hii nakupunguzia elfu tano" umempa habari mbili, kwamba bei ya kwenye simu haikuwa ya kweli, na kwamba una njaa. Jambo lolote ambalo halikuongelewa kwenye simu halina nafasi kwenye meseji hii, liwe punguzo, liwe katalogi ya makabati, liwe viti vya walimu. Hata muda wa bei kukaa, kama hamkuuongelea, peleka kwenye profoma ambako kila mtu anautegemea, ndo mahali pake. Na sikuweka ile sentensi ya "nisiposikia kutoka kwako nitachukulia umekubali". Hiyo naichukia kupita kiasi. Kimya cha mteja wako ni kimya tu, na akija kukataa huko mbele hiyo sentensi haitakuletea hata senti, ila itakuwa imeshamkera.

Kuna kitu mi mwenyewe kilinikuta zamani nikiuza mashine za kuchapishia, sitataja kampuni. Nilipiga simu na afisa manunuzi, tukaelewana vizuri, nikaandika imeili ndefu "kama tulivyokubaliana" alafu kwa ujanja wangu nikamwekea mkurugenzi wake kwenye nakala ili jambo lisipotee. Jibu lilikuja ndani ya dakika kumi, mstari mmoja, kwamba hakuna makubaliano yoyote yaliyofanyika. Na kweli hayakuwepo, kulikuwa na mazungumzo mazuri tu. Sikuuza pale mpaka yule afisa alipohama. Tangu hapo sijawahi kumwongeza mtu kwenye nakala ambaye hakuwepo kwenye simu, mteja mwenyewe akitaka wenzake waone atawafowadia.

Jambo jingine, kumbuka haya maandishi yanakufunga na we. Tanzania tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inayotambua kumbukumbu za kielektroniki, kwahiyo usidhani watsapu ni maneno ya kijiweni. Ukiandika "mbao za paini zilizokauka" wakati store una mbao mbichi, siku madawati yanapinda hiyo meseji ndo itasomwa. Andika kile ambacho karakana yako inaweza kukifanya, sio kile kinachopendeza kwenye simu.

Mambo madogo ya watsapu yenyewe. Ukikosea namba unaweza kuediti meseji ndani ya dakika 15 tu, na itaonyesha kwamba imeeditiwa. Mi nikikosea kwenye bei au idadi siediti kabisa hata kama dakika zipo, natuma mpya chini yake "nilikosea hapo juu, ni 80 sio 90", maana mteja anaweza kuwa ameshaifowadi ile ya mwanzo na ya kwake kule haibadiliki. Pia angalia juu ya hiyo chati kama haijawekwa ujumbe unaojifuta, kuna watu wameweka saa 24 au siku 7 kwenye simu zao kwa kila chati mpya, utaandika kumbukumbu nzuri na wiki ijayo haipo. Ukikuta hivyo tuma kwa imeili, au weka kwenye PDF pamoja na profoma. Na muda wa kutuma, siku hiyohiyo, saa mbili tatu baada ya simu. Dakika mbili baada ya kukata simu inaonekana ulikuwa nayo tayari, saa tatu usiku unamkuta na familia yake, na kesho yake kila mtu ameshaanza kukumbuka kivyake.

Kuna njia moja ya kufanya hii meseji isimshtue mtu kabisa, nayo inaanzia kwenye simu yenyewe. Kabla hujaaga sema "Madam naomba nirudie nilivyoandika hapa, unisahihishe", kisha msomee. Dakika moja na nusu. Hapohapo angekwambia "hapana, hela ni baada ya bodi", na angesema kwa sauti ya kawaida kabisa maana mko kwenye mazungumzo, hakuna maandishi yanayomtazama. Baada ya hapo meseji ni nakala tu ya alichokisikia na kukikubali kwa masikio yake. Ukikuta huwezi kumsomea mteja kwenye simu kile unachotaka kumwandikia, ujue unataka kumwandikia kitu ambacho hamjakubaliana.

Sasa turudi kwenye ile iliyokwishaenda. Usiifute, ameshaiona, na ikifutwa inaacha alama. Usitume "Madam niliona umesoma" wala alama ya kuuliza peke yake, tafadhali. Leo ni Jumamosi mwache apumzike. Jumatatu asubuhi, saa nne hivi, tuma hii:

> Habari za asubuhi Madam. Ile meseji yangu ya Jumanne niliiandika haraka nikaweka mambo ambayo hatukuyasema, samahani kwa hilo. Malipo najua yanasubiri kikao cha tarehe 6, na idadi inasubiri walimu. Nimeambatanisha profoma ya madawati 80 ikiwa na VAT na usafiri kwenye mistari tofauti, ikusaidie kwenye kikao. Namba ikibadilika naiandika upya siku hiyohiyo. Dawati la mfano naweza kulileta Jumatano au Alhamisi, ipi inakufaa?

Hapo umemtoa kizimbani, umempa kitu cha kufowadi, na swali ni moja tu, tena la kujibiwa kwa neno moja. Uwezekano mkubwa atajibu "Alhamisi". Akijibu kwa marekebisho, mfano "madawati ni 60 makubwa na 20 madogo", usianze kujieleza, jibu "nimepokea Madam, 60 na 20, profoma mpya hii hapa" na uipandishe, hiyo ndo kumbukumbu yako halisi sasa na ameiandika yeye mwenyewe. Madogo yakiwa na bei tofauti hesabu upya jumla, usimwachie yeye.

Tarehe 8 muulizie. Tumia "naulizia", "nilikuwa naulizia kikao kilivyoenda", usitumie "nakukumbusha", hiyo inadai. Akisema kikao kimeahirishwa, uliza tarehe mpya tu, andika, nyamaza mpaka tarehe hiyo ipite. Asipojibu kabisa subiri wiki moja, mwandikie mara moja ya mwisho kwamba nafasi ya karakana uliyokuwa umemhesabia utaipa kazi nyingine, na akiwa tayari mtapanga tarehe mpya. Ila iandike kama kweli una kazi nyingine. Na kama Alhamisi utakwenda na dawati la mfano, nenda na la urefu wa darasa la kwanza, maana hilo ndo ambalo bado hajaamua.